Barua ya wazi kwa halmashauri yetu: chanja zimekamilika, dagaa bado wako mchangani

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani, na ninyi wataalamu wa mipango na uvuvi, shikamooni.

Nimesikia awamu ya pili ya mradi wa chanja za kuanikia dagaa imeshaingia kwenye bajeti, mialo mingine mitatu ya kushushia dagaa, na awamu ya kwanza hapa kwetu imesomwa kwenye ripoti kwamba "imekamilika kwa asilimia 100, ndani ya muda na ndani ya bajeti". Sibishi, ni kweli tupu. Nilikuwa kwenye kamati ya mradi, siku ya makabidhiano nilikuwepo, mkandarasi alimaliza hata kabla ya tarehe yake na kazi yake ni safi, nguzo zimesimama, waya haujalegea. Ila njooni siku yoyote ya giza, yaani zile ambazo usiku wake hauna mbalamwezi na mitumbwi inatoka, saa tatu asubuhi, muone wenyewe. Dagaa wametandazwa mchangani na juu ya majabali kama enzi za bibi zetu, na chanja nusu zimeanikiwa nyavu na nguo za watoto. Sasa kabla hamjasaini mkataba wa hiyo awamu ya pili naomba mnisikilize kidogo, maana mtaenda kujenga kitu kilekile kwa wakati uleule na matokeo yatakuwa yaleyale.

Andiko la mradi mimi ninalo nakala. Lengo lililoandikwa mle sio chanja. Lengo ni mama anayenunua dagaa wabichi mwaloni aongeze kipato, na dagaa wanaoharibika wapungue. Chanja ni kitu kilichojengwa tu ili hilo litokee, na kati ya chanja na hela kwenye mkoba wa mama kuna safari ndefu: mama aache mchanga apande kwenye chanja, dagaa watoke wasafi, tajiri anayekuja na gari akubali kulipa zaidi kwa hao wasafi, ndipo kipato kipande. Mkandarasi alilipwa kwa hatua ya kwanza peke yake na akaifanya. Hizo nyingine hazikuwa za mtu.

Kuna miradi ambayo manufaa yanakuja yenyewe na ndiyo inayotudanganya. Chukueni daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Lile likishamalizika hakuna haja ya kumshawishi mtu, dereva wa basi aliyekuwa anasubiri kivuko anapita tu juu, muda anaoukoa ni palepale. Chanja sio daraja jamani. Mchanga bado upo, ni wa bure, na una joto. Mtu ana chaguo, na mtu mwenye chaguo anapiga hesabu.

Hesabu yenyewe niwape, kwa sababu kwenye vikao nasikia watu wanasema "wamama wana mazoea" au "elimu inahitajika". Hapana. Wamama wanajua hesabu kuliko sisi. Nitumie namba za mfano za duara ili isomeke, bei inabadilika kila giza mnajua, lakini mwendo wake ndio huu.

Mama kanunua ndoo 10 za dagaa wabichi. Wakikauka wanampa kama kilo 50. Akianika mchangani, wakati wa kukusanya mchanga unapanda nao, tuseme gunia linasoma kilo 53. Tajiri ananunua kwa kilo, bei moja kwa wote, 4,000. Wa mchangani anapata 212,000. Wa kwenye chanja anapata 200,000, halafu bado hajatoa gharama zake: chanja zimejengwa kule juu kwenye kiwanja cha halmashauri kwa sababu ndiko kulikokuwa na eneo lisilo na mgogoro, kwa hiyo anamlipa kijana wa kubeba 500 kwa ndoo, hiyo 5,000, na ushuru wa chanja 1,000 kwa siku, ndoo 10 zinataka chanja 4, hiyo 4,000. Anabaki na 191,000. Yaani yule aliyefuata utaratibu wa mradi, akatoa dagaa wasafi, kapata 21,000 pungufu ya mwenzake aliyeuza na mchanga. Mchanga una uzito jamani! Sasa hapo mtamfundisha nini huyo mama? Semina ya siku mbili na soda haitabadilisha hiyo 21,000.

Geuzeni kitu kimoja tu. Tajiri atenganishe bei, wasafi wa chanja 5,000, wa mchanga wabaki 4,000. Wa chanja anapata 250,000, toa 9,000 zake, 241,000. Sasa anamzidi mwenzake kwa 29,000 na hakuna haja ya kumwita kwenye semina, atawahi yeye mwenyewe alfajiri kushika nafasi. Kwa namba hizi ukipiga utaona tajiri lazima aongeze angalau 420 kwa kilo ndipo chanja ianze tu kulingana na mchanga, chini ya hapo mradi unamtia mama hasara. Hiyo 420 ndiyo ilitakiwa iwe namba ya kwanza kwenye andiko zima, kabla ya idadi ya nguzo, na haimo. Nimelisoma lote mpaka viambatanisho.

Na wanunuzi wa bei nzuri wapo, sio ndoto. Dagaa wa ziwa hili wanakwenda Kongo na kwingine nje kwa ajili ya kuliwa, na mla dagaa hataki kutafuna mchanga. Lakini pia kuna soko la chakula cha kuku, na hao mchanga kwao sio tatizo kubwa, wanasaga. Gari linalokuja mwaloni kwetu linapakia wote pamoja, linakwenda kuchambua mbele ya safari, na tofauti ya bei inabaki huko mbele. Kwa hiyo faida ya usafi ipo, ila haifiki kwa anayeutengeneza. Kazi ya kuifikisha ilikuwa kukaa na matajiri wawili watatu, BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni, ikiwepo, kukubaliana bei mbili na nani anathibitisha gunia hili ni la chanja. Kikao hicho kilikuwemo kwenye ratiba ya mradi. Kilifutwa, na jinsi kilivyofutwa ndipo kwenye somo lenyewe.

Mnakumbuka mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni na fedha ambayo haijatumika ina habari zake. Mwezi Mei ilipofika mambo yaliyobaki kwenye mradi yalikuwa matatu: umaliziaji wa chanja zenyewe, ununuzi wa maturubai ya kufunikia dagaa mvua ikija, na hivyo vikao na wanunuzi. Maturubai yalihitaji zabuni ndogo ambayo isingeisha kabla ya Juni. Vikao na wanunuzi vilihitaji tajiri apatikane, na tajiri hapatikani kwa barua ya halmashauri, anapatikana gari lake likiwa mwaloni. Kikao cha maendeleo ya mradi kikaamua kwa dakika chache: maturubai na vikao vitoke, fedha iongeze chanja sita. Kila mtu akafurahi. Chanja 34 zikawa 40, muda ukabaki palepale, bajeti palepale. Kwenye karatasi mradi uliboreka.

Angalieni lakini kilichotolewa. Vitu viwili vilivyotolewa ndivyo vilivyokuwa vinabeba manufaa, na kilichoongezwa ndicho tulichokuwa nacho tayari bila matumizi. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hilo nalisema wazi, afisa manunuzi alikuwa anafuata sheria na mhandisi alikuwa anafuata mkataba. Tatizo ni kwamba mezani pale kila mtu alikuwa na namba ya muda na namba ya bajeti mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba ya mama. Ukibanwa na tarehe unakata kile ambacho hakionekani kwenye picha ya uzinduzi, ni kawaida kabisa, kila mradi uko hivyo. Turubai halipigwi picha.

Halafu ikaja bahati mbaya ya msimu. Mradi ukazinduliwa Julai, kiangazi kikali, mchanga unakausha dagaa mapema tu bila shida. Huo ndio wakati ambao chanja haina faida kubwa ya kuonyesha. Faida yake kubwa ni vuli, kuanzia Oktoba huko, na masika, maana mvua ikikuta dagaa mchangani imekwisha, wanalowa wanavunda wanageuka rangi, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku na kubembeleza juu. Kwenye chanja iliyofunikwa unawaokoa. Ukipiga ile hesabu ya ndoo 10 kwa siku ya mvua, hata bei ikiwa moja, chanja inashinda kwa mbali. Kwa hiyo vuli ilipoanza wamama walipanda kwenye chanja wenyewe, kwa hiari, nilifurahi sana. Mvua ikapiga, turubai hakuna, dagaa wakalowa juu ya chanja sawasawa na walivyolowa wa chini. Baada ya hapo kuwarudisha imekuwa kazi. Mtu akishapoteza mtaji kwenye kitu chako mara moja hakuamini tena, hata ukija na turubai baadaye.

Kuna jambo la ukubwa pia, nilipitie haraka. Chanja moja ni mita 10 kwa mita 1.2, yaani mita za mraba 12, na ukitandaza dagaa wembamba inavyotakiwa inabeba ndoo mbili na nusu hivi. Ukirundika zaidi wa chini hawapati hewa wanaoza. Kwa hiyo chanja 40 ni ndoo 100. Usiku mzuri wa giza mwalo wetu unashusha ndoo 400 au zaidi, na wakati wa mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haitoki, chanja zote tupu. Ripoti ikichukua wastani wa mwezi itaona chanja zinatosha na nafasi inabaki. Lakini dagaa hawaji kwa wastani. Siku wanapokuja, robo tatu ya mzigo haina pa kwenda zaidi ya mchanga, na mnunuzi akikuta robo moja tu safi haoni sababu ya kuleta gari mbili. Hii nayo ingeonekana mapema kama mtu angekaa na daftari la BMU la ndoo zinazoshuka, giza mbili tatu tu, kabla ya kuchora.

Sasa nani alitakiwa kuyaona haya? Hapo ndipo naomba muelewe shida sio watu, ni namna kazi ilivyogawanywa. Mhandisi alimaliza akahamia mradi wa zahanati. Mkandarasi yuko kwenye kipindi cha matazamio, ile asilimia iliyozuiliwa inamfunga arudi nguzo ikipasuka, lakini hakuna kinachomfunga mtu yeyote arudi dagaa wakibaki mchangani. Afisa mipango kafunga faili kwa sababu mradi ukishakabidhiwa faili linafungwa. Mwenyekiti wa BMU kapokea funguo za geti na hati ya makabidhiano, kwenye hati imeorodheshwa chanja 40, geti 1, choo 1. Hakuna mstari unaosema "na huyu ndiye atakayeulizwa kama mama amepata zaidi". Hata ile PRINCE2, njia ya kusimamia miradi iliyotoka serikali ya Uingereza ambayo baadhi yenu mmeisomea, inataka iandikwe tangu mwanzo manufaa yatapimwa vipi, lini na nani, yakiwemo yale yatakayoonekana baada ya mradi kufungwa. Sababu ni hiihii, timu ya mradi huwa imeshatawanyika wakati manufaa yanatakiwa kuanza.

Msidhani ni sisi tu. Kule Kenya, Kalokol, pembeni ya ziwa Turkana, kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa fedha za Norway, mradi unaotajwa kuwa uligharimu kama dola milioni 22. Kiwanda kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi siku chache kikasimama. Umeme wa majokofu na maji safi kule jangwani vilikuwa ghali kuliko samaki wenyewe, na Waturkana ni wafugaji, maisha yao yamejengwa juu ya mifugo. Ukienda kukagua jengo utasema limekamilika. Hesabu ya gharama za kuendesha ingeweza kupigwa kwenye karatasi kabla ya kumwaga zege.

Jambo lingine ambalo litawasumbua mkija kutathmini, nalisema mapema. Ripoti ya mwaka jana iliandika kwamba bei ya dagaa mwaloni kwetu imepanda tangu mradi uanze, ikahesabiwa kuwa ni mafanikio. Bei ilipanda kweli. Ilipanda pia kwenye mwalo wa jirani ambao hauna hata chanja moja, kwa sababu dagaa walikuwa adimu ziwa zima. Dagaa wakipungua bei inapanda, wakijaa inashuka, chanja haihusiki. Ukitaka kujua mradi umefanya nini chukua giza hilohilo, mialo miwili, mmoja wenye chanja na mmoja hauna, uulize vitu viwili: kati ya ndoo zilizoshuka ngapi zimeanikwa kwenye chanja, na mnunuzi yuleyule kalipa shilingi ngapi kwa kilo huku na kule. Tofauti ya hizo bei ndiyo ya mradi. Zingine ni za Mungu na ziwa.

Na mnapopima msiwasahau walioumia. Kuna wamama wasio na mtaji wa kununua ndoo, wao walikuwa wanalipwa kugeuza dagaa mchangani na kuokota wanaobaki. Kwenye chanja kazi hiyo inapungua sana. Mradi ukifanikiwa kabisa hao watapoteza, na hawamo kwenye andiko popote. Sisemi chanja ziachwe kwa ajili yao, nasema waandikwe ili mtu aamue kwa kujua.

Ninachoomba kwa awamu ya pili hakihitaji fedha mpya. Punguzeni idadi ya chanja kwa kila mwalo mnunue kwanza maturubai, na hiyo iwe zabuni ya kwanza kutoka, sio ya mwisho. Vikao na matajiri vifanyike kabla ya msingi kuchimbwa, na kama hakuna tajiri hata mmoja anayekubali kuongeza hiyo 420 au namba yoyote itakayotoka kwenye hesabu ya mwalo husika, basi mwalo huo usijengewe, fedha iende kwingine. Najua diwani wa kata hiyo hatapenda, ila bora akasirike sasa kuliko aje kuulizwa kwenye kampeni. Ushuru wa chanja usitozwe mwaka wa kwanza, ni 1,000 ndogo kwenu lakini kwenye hesabu ya mama mmeona inavyokaa. Makabidhiano yaangukie Septemba, vuli ikiwa inakuja, hata kama itabidi mradi uvuke mwaka wa fedha, na hilo mhasibu alipange tangu sasa badala ya kushtuka mwezi Mei.

Na afisa uvuvi wa kata aandikwe kwa cheo chake kwenye hati, sio kwa jina maana watu wanahamishwa, kwamba yeye ndiye mwenye manufaa ya mradi huu, atawasomea barazani namba zile mbili baada ya vuli na tena baada ya masika, na awe na sauti ya kupinga kikao chochote cha mradi kikitaka kukata kitu ili kuwahi tarehe. Akatiwe na kafungu ka mafuta ya pikipiki ka mwaka mzima baada ya uzinduzi, vinginevyo namba atazitunga akiwa ofisini.

Hapa kwetu bado hatujachelewa. Chanja zipo na ni nzima. Maturubai ya chanja 40 na kikao kimoja na matajiri wawili ambao naweza kuwaonyesha magari yao, ni sehemu ndogo sana ya kilichokwisha kutumika. Daftari la BMU la ndoo zinazoshuka lipo kwa katibu, halijakosa giza hata moja tangu mradi uzinduliwe, na mwalo wa jirani wamekubali tulinganishe na la kwao. Mkimtuma mtu giza linaloanza wiki ijayo, afike kabla ya saa moja asubuhi kwa sababu ikishafika saa tano magunia ya mapema yameanza kufungwa na hutajua tena la mchanga ni lipi.

Wenu,
mjumbe wa zamani wa kamati ya mradi, mwaloni